Mume kafa bila wosia, kaacha mjane, watoto na wazazi wote wawili. Nani anarithi nini hapa Uganda?

Mvuvi wa Ggaba

Wakuu, nataka maelezo ya watu wanaojua, siyo pole. Pole tumeshapewa za kutosha.

Marehemu alikuwa fundi bomba, kafa ana miaka 41, wosia hakuandika. Alioa kimila, kwanjula ilifanyika na koo zote mbili zilikuwepo, lakini ndoa haikuandikishwa gombolola. Kamwacha mjane na watoto watatu: wa kiume miaka 14, wa kike 11, wa kiume 6. Kuna binti mwingine wa miaka 19, alizaliwa na mama mwingine kabla ya ndoa hii, yuko chuo cha ufundi. Baba na mama wa marehemu wako hai. Baba ana shamba la kahawa na vyumba vitano vya kupangisha. Mama hana kitu, mwanawe ndiye aliyekuwa akimtumia pesa kila mwezi. Kuna pia mdogo wake wa S3, karo alikuwa akilipa marehemu.

Mali ni nyumba wanayoishi Mukono, kiwanja Luweero cha kama milioni 45, taksi moja ya milioni 38, na akiba ya milioni 13 kwenye sako. Mkopo uliobaki ni milioni 11, na mazishi yaligharimu milioni 5.

Sasa baba mtu kashika hati ya Luweero. Anasema mali ni ya ukoo, mrithi atatangazwa siku ya okwabya olumbe, sherehe ya kumaliza msiba, na mjane "atatunzwa". Nani ana haki ya nini?

Boda wa Kireka

Hapo ni rahisi. Tafuteni mwanasheria awaandikie wosia, mashahidi wawili wasaini, kazi imekwisha.

Mvuvi wa Ggaba

Kaka, mwenye kuandika wosia keshazikwa. Soma tena.

Boda wa Kireka

Samahani mkuu, nilisoma kichwa nikiwa kwenye taa za barabarani.

Shamba Luweero

Sheria ya mirathi ya Uganda iko wazi. Mrithi wa kimila anachukua asilimia 1, mjane 15, ndugu tegemezi 9, watoto 75. Wazazi wako kwenye ile 9. Kwa hiyo baba na mama wagawane 9, mjane achukue 15, na nyumba iingizwe kwenye hesabu kama mali nyingine.

Karani Mstaafu

Shamba Luweero, hesabu yako ilikuwa sahihi zamani, sasa imepitwa. Mgawanyo huo ulikuwa wa mwanamume peke yake, na mwaka 2007 Mahakama ya Katiba iliufuta pamoja na vifungu vingine vilivyowabagua wanawake. Kwa miaka 15 hivi tukabaki na pengo, kila hakimu akigawa kwa busara yake. Bunge lilirekebisha sheria mwaka 2022, na tangu hapo hesabu ni moja awe kafa mume au mke. Mwenza aliyebaki anapata asilimia 20, watoto 75, ndugu tegemezi 4, mrithi wa kimila 1.

Nyumba nayo umeikosea. Nyumba ambayo marehemu alikuwa akiishi na familia yake haigawanywi kwa asilimia hata kidogo. Inawekwa kando kabla kalamu haijaanza kupiga hesabu. Msimamizi wa mirathi anaishika kwa niaba ya mjane na watoto, nao wana haki ya kuendelea kukaa humo. Anayewatoa au kujaribu kuwatoa anafanya jinai, na kifungo chake kinaweza kufika miaka 7. Mwambieni mzee jambo hili kwa heshima, lakini mwambieni mapema.

Sasa wazazi, maana hapo ndipo swali lenyewe lilipo. Katika sheria hii mzazi harithi kwa sababu ni mzazi. Marehemu akiwa na mwenza na watoto, mzazi ana mlango mmoja tu, nao ni wa ndugu tegemezi. Kuupita lazima aonyeshe kwamba siku mwanawe anakufa alikuwa akimtegemea, kabisa au kwa sehemu kubwa, kwa mahitaji yake ya kawaida. Baba mwenye kahawa na vyumba vitano hatapita hapo. Mama asiye na kitu anapita. Mdogo wa S3 anapita pia, kwa kuwa kaka na dada wamo kwenye kundi hilo kwa masharti hayo hayo.

Mzee wa Iganga

Karani, hiyo ni sheria ya watu wa Kampala. Mwanangu nimemzaa, nimemsomesha, nimeuza ng'ombe ili ajifunze ufundi. Akifa leo, mwanamke aliyekaa naye miaka 15 achukue, mimi nifukuzwe kama jirani? Na huyo mwanamke kesho ataolewa na mwingine, mali ya ukoo iingie nyumba ya wageni.

Karani Mstaafu

Mzee wangu, uchungu wako unaeleweka. Lakini tazama mali inaelekea wapi. Asilimia 75 inakwenda kwa watoto wa mwanao, wajukuu zako, damu yako. Mjane anachukua 20 tu. Akiolewa tena, haki yake ya kukaa katika ile nyumba inakoma. Ya watoto haikomi kwa sababu ya ndoa ya mama yao. Kwa hiyo sheria haikuipa nyumba ya wageni kitu kikubwa.

Kama ng'ombe ulizouza zilinunua kitu kilichobaki kwa jina lako, kitu hicho hakimo katika mirathi. Ni chako. Mirathi ni ya mali ya marehemu tu.

Shamba Luweero

Nakubali, nimekosea mwaka. Lakini mrithi je? Kwetu omusika ndiye anayekaa kwenye kiti cha baba. Ukisema asilimia 1 watu watacheka.

Karani Mstaafu

Wacheke, lakini ndivyo ilivyo. Omusika anavishwa gome, anapewa mkuki, anachukua jina na wajibu wa kuangalia familia. Mali anapata asilimia 1 ya heshima. Familia nyingi zinachanganya mrithi wa kimila na msimamizi wa mirathi, na ugomvi huanzia hapo. Msimamizi hatangazwi kwenye okwabya olumbe, anateuliwa na korti. Na katika kuomba usimamizi, mwenza aliyebaki anatangulizwa mbele ya wengine wote.

Hapa kama kijana wa miaka 14 ndiye omusika, anapata ile 1 juu ya fungu lake kama mtoto. Hapotezi la kwanza kwa kupata la pili.

Mvuvi wa Ggaba

Basi tupigie hesabu yenyewe, Karani. Familia ikiona namba itatulia kidogo.

Karani Mstaafu

Haya, twende pole pole.

Nyumba ya Mukono tunaiweka kando. Vinabaki kiwanja 45, taksi 38, sako 13, jumla milioni 96. Madeni na mazishi hutoka kabla ya mrithi yeyote. Mkopo 11 na mazishi 5 ni 16. Zinabaki milioni 80.

Hapo watu wengi wanaruka hatua. Sheria ya 2022 inataka asilimia 20 ya mali isigawanywe, ishikwe na msimamizi kwa ajili ya masomo na matunzo ya watoto walio chini ya miaka 18, wale wa 18 hadi 25 ambao bado wanasoma, hawajaoa wala kuolewa na walikuwa wakimtegemea marehemu, na wenye ulemavu waliokuwa wakimtegemea. Hapa watoto wote wanne wamo, hata binti wa miaka 19 kwa kuwa yuko chuoni. Asilimia 20 ya 80 ni milioni 16. Tunabaki na milioni 64 za kugawa.

Mjane asilimia 20, milioni 12.8. Watoto asilimia 75, milioni 48, wako wanne, kila mmoja 12. Ndugu tegemezi asilimia 4, milioni 2.56. Walio ndani ya kundi moja hugawana sawa, kwa hiyo mama na yule mdogo kila mmoja 1.28. Omusika asilimia 1, shilingi 640,000. Baba hana fungu.

Zile 16 si zawadi ya msimamizi. Zinatumika kwa karo na matunzo, kwa risiti. Ikifika siku hakuna tena mtoto anayehusika, kilichobaki kinarudi kugawiwa kwa mafungu hayo hayo.

Wakili Mtoro

Karani, nakuunga mkono karibu kote, ila hiyo ya kutoa asilimia 20 kwanza inabishaniwa. Kuna wanaosoma kwamba mafungu yanahesabiwa juu ya milioni 80 nzima, kisha akiba ya watoto itolewe ndani ya fungu la watoto. Kwa hesabu hiyo mjane anapata 16 badala ya 12.8, na mama mkwe na yule mdogo wanagawana 3.2.

Karani Mstaafu

Najua wanaosoma hivyo. Mimi naona ukitoa akiba kwenye fungu la watoto peke yao umewalipisha watoto matunzo yao wenyewe, na maana ya kifungu inapotea. Lakini sitakataa kwamba hakimu anaweza kuniambia nimekosea. Familia ikikubaliana njia mojawapo na kuipeleka kwa msajili kwenye hati ya mgawanyo, ni mara chache atawarudisha.

Mama Pendo wa Bwaise

Samahani kuingilia. Na mimi je, nimeishi na baba wa watoto wangu miaka 18, hatujafunga ndoa yoyote, barua kwetu hakuwahi kuleta. Akitangulia yeye, nina asilimia 20 yangu?

Wakili Mtoro

Hapana, dada. Uganda haina ndoa inayozaliwa na miaka ya kuishi pamoja. Uwe umekaa miaka 2 au 30, bila ndoa ya kanisa, ya msikiti, ya serikali, ya Kihindu au ya kimila iliyofanyika kweli, wewe si mjane mbele ya sheria. Watoto wako wanarithi kama watoto wengine wowote, hapo hakuna ubishi. Unachoweza kudai wewe ni ulichochangia: kiwanja mlichonunua pamoja, risiti za saruji, majina yenu wawili kwenye mkataba. Mwambie alete barua kwenu akiwa bado anapumua.

Mama Pendo wa Bwaise

Nimesikia. Leo usiku halali.

Mvuvi wa Ggaba

Hapo umenigusa. Ndoa ya huyu mjane haikuandikishwa. Baba mtu tayari anasema mahari haikumalizika, walibakiza ng'ombe mmoja, kwa hiyo yeye si mke.

Wakili Mtoro

Kutoandikisha hakuifuti ndoa ya kimila. Kuandikisha ni ushahidi, ndoa yenyewe ilifanyika siku ya kwanjula. Kinachotazamwa ni kama taratibu za kabila lile zilitimia. Kwa Baganda, barua ya posa kupokelewa na mahari kutolewa mbele ya watu wa ukoo ndiyo nguzo. Ng'ombe aliyebaki ni deni kati ya koo mbili, na koo nyingi zinakubali mahari yenye kiporo. Mshenga na mzee mmoja wa kila upande wanaweza kueleza hilo kwa kiapo.

Fanyeni hivi kabla watu hawajaanza kusahau. Tafuteni nakala ya barua ile, picha za siku hiyo zinazomwonyesha baba mtu akiwa ameketi upande wa bwana harusi, kitabu cha wageni kama kilikuwepo, na viapo vya mashahidi wawili. Picha ya baba mtu akipokewa kwenye kwanjula ina nguvu kuliko maneno yake ya leo.

Na angalieni jambo lingine. Kama marehemu aliwahi kufunga ndoa ya kanisani na mwanamke mwingine na haikuvunjwa kortini, hii ya kimila ni batili na huyu mama si mjane, hata kama alilea watoto wote. Mama wa yule binti wa miaka 19 walifunga ndoa?

Mvuvi wa Ggaba

Hawakufunga chochote. Alizaa naye wakiwa vijana, wakaachana.

Wakili Mtoro

Basi mjane ni huyu mmoja. Binti wa 19 ni mtoto kamili, anagawana sawa na wadogo zake. Msimwache nje ya kumbukumbu hata kama mjane hampendi. Mirathi nyingi nilizoona zikivunjwa zilivunjwa na mtoto mmoja aliyefichwa. Msimamizi anaandika watoto watatu, anapewa hati, anauza, kisha wa nne anakuja na cheti cha kuzaliwa. Korti inafuta usimamizi kwa kuficha jambo la msingi, na aliyenunua naye anaanza kulia.

Ummu Rayyan, Jinja

Mbona mnasema wazazi hawana kitu? Qur'ani imetaja wazazi waziwazi. Marehemu akiwa na mtoto, baba anapata sudusi na mama anapata sudusi, mke anapata thumuni, kinachobaki ni cha watoto, wa kiume fungu mara mbili la wa kike. Kwa milioni zenu 80 mke ni 10, na baba na mama kila mmoja ni milioni 13 na kitu.

Mvuvi wa Ggaba

Dada, marehemu hakuwa Mwislamu.

Ummu Rayyan, Jinja

Ah, sikuona. Lakini wapo Waislamu wanaosoma uzi huu, wajue.

Karani Mstaafu

Ni vizuri umeleta, maana tofauti ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Katika mirathi ya Kiislamu mzazi ana fungu lake hata akiwa tajiri, hapaulizwi utegemezi. Nyumba nayo inaingia kwenye hesabu. Na binti aliyezaliwa nje ya ndoa kwa wanazuoni wengi hamrithi baba, wakati sheria ya nchi inampa sawa na wengine.

Familia ya Kiislamu ikikubaliana yote, inagawa kwa sharia na kupeleka mapatano yake kortini. Sheria inaruhusu mpango mwingine wa ugawaji mradi korti iuidhinishe. Tatizo huja mmoja anapokataa. Mjane akisema anataka asilimia 20 na nyumba, au yule binti akienda kortini, shehe hawezi kumfunga mdomo.

Ummu Rayyan, Jinja

Hapo hatukubaliani, Karani. Katiba imetaja mahakama za makadhi. Kosa ni la Bunge kutozianzisha, siyo la Mwislamu kufuata dini yake.

Karani Mstaafu

Kuhusu katiba tuko pamoja. Nazungumzia meza ya msajili ilivyo leo.

Mvuvi wa Ggaba

Turudi kwetu. Mzee kashika hati ya Luweero. Je, anaweza kuuza? Na mjane aanzie wapi?

Karani Mstaafu

Hati ina jina la marehemu. Kuishika kabatini hakumpi mzee uwezo wa kuhamisha, maana mtu aliyekufa hasaini. Ili kiwanja kihame lazima jina la msimamizi aliyeteuliwa na korti liingie kwanza kwenye rejista ya ardhi. Hatari ni moja: mzee au mtu wake akatangulia kuomba usimamizi kimya kimya na barua ya mwenyekiti wa kijiji. Kwa hiyo mjane aweke zuio kwenye hati ofisi ya ardhi kama mwenye maslahi, kisha aanze safari yake mwenyewe bila kuchelewa.

Safari inaanzia NIRA, kuchukua cheti cha kifo. Kisha barua ya mwenyekiti wa LC1 inayomtaja marehemu, mjane na watoto wote wanne kwa majina. Na hizo anakwenda kwa Msimamizi Mkuu wa mirathi Kampala, au kwa afisa mkuu tawala wa wilaya ya Mukono, ambaye ni wakala wake, kuripoti kifo. Anafunguliwa jalada na kupangiwa mkutano wa familia.

Mkutano huo ndio unaoamua kama kazi itachukua miezi au miaka. Waalikeni baba, mama, yule mdogo, mama wa binti wa 19, na binti mwenyewe kwa kuwa ni mtu mzima. Mzee asipokuja, andikeni alialikwa lini na kwa njia gani. Kumbukumbu ziseme nani anapendekezwa kuwa msimamizi, ziorodheshe watoto na tarehe zao za kuzaliwa, mali na namba za hati. Kila mtu asaini na kuandika namba ya kitambulisho. Nimeziona kumbukumbu zilizosainiwa na watu kumi kwa mwandiko mmoja. Hizo hazifiki mbali.

Ofisi ikiridhika inatoa hati ya kutopinga. Hapo ndipo ombi linapokwenda kortini. Mali ikiwa haizidi milioni 50 ombi hupelekwa kwa hakimu mkuu, lakini hapa kiwanja, taksi na nyumba vinavuka mbali, kwa hiyo ni Mahakama Kuu. Tangazo linatoka gazetini, siku 14 zinapita, na kama hakuna aliyeweka pingamizi hati ya usimamizi inatolewa.

Wakili Mtoro

Ongeza baba mtu akipinga. Akiweka kizuizi kortini, ombi linageuka kesi ya kawaida. Hapo ndipo miaka inapoliwa, na ndiyo maana namwambia Mvuvi mzee aende kwenye ule mkutano hata kama atanuna.

Baada ya kupata hati, mjane ajue kwamba si ya milele. Tangu 2022 usimamizi ni miaka 2, ukiisha anaomba nyongeza kortini. Ndani ya miezi 6 anatakiwa kuwasilisha orodha ya mali, na ndani ya mwaka mmoja hesabu ya alichofanya nayo. Wengi wanaipata hati, wanaiweka kabatini na kudhani wamemaliza. Kutowasilisha orodha na hesabu ni sababu tosha ya kumvua.

Na asiuze taksi kwa sababu tu ndiye msimamizi. Kuuza mali ya mirathi kunataka ridhaa ya mwenza na watoto. Binti wa 19 asaini mwenyewe. Kwa watoto wadogo, ni salama zaidi kwenda na amri ya korti kuliko kumwamini mnunuzi anayesema hakuna shida.

Shamba Luweero

Lakini kwa vitendo utagawaje? Kiwanja hakigawanyiki kuwa 12.8 na 1.28. Mtamega kitope?

Karani Mstaafu

Swali zuri. Hesabu ni ya thamani, si lazima kila mtu apate kipande cha udongo. Kwa mali hizi hivi ndivyo ningependekeza kwa familia.

Sako milioni 13 zote ziende kwenye madeni na mazishi. Zinapungua 3. Taksi iuzwe, kwa sababu taksi inazeeka kila siku na dereva hupeleka anachotaka. Ikitoa 38, lipa zile 3, zinabaki 35. Tenga 16 za akiba ya watoto kwenye akaunti ya peke yake, si ya mjane. Zinabaki 19. Mpe bibi wa watoto 1.28 na mdogo wa marehemu 1.28, omusika 640,000. Zinabaki milioni 15.8. Mjane achukue 12.8 zake taslimu. Zinabaki 3.

Kiwanja cha 45 na hizo 3 ni 48, ndilo fungu la watoto wote wanne. Binti wa 19 ni mtu mzima, anaweza kupewa zile 3 taslimu na haki ya thamani ya milioni 9 ndani ya kiwanja. Wadogo watatu wana 12 kila mmoja ndani ya kiwanja hicho hicho, na msimamizi anakishika kwa niaba yao mpaka wakue. Kiwanja hakiuzwi, na mzee anaona hakijaenda popote, bado ni cha wajukuu zake. Hiyo ndiyo sentensi ya kumwambia.

Mzee wa Iganga

Hiyo ya mwisho ingenituliza hata mimi. Ila bibi milioni moja na laki tatu kwa mwanawe wa pekee aliyekuwa akimlisha?

Karani Mstaafu

Ni ndogo, mzee, na hata hiyo lazima aithibitishe. Mvuvi, mwambie bibi aombe taarifa ya pesa kwenye simu yake kwa mwaka mzima kabla ya kifo. Kila mwezi jina la mwanawe likionekana na kiasi, hakuna atakayembishia. Kwa mdogo, risiti za shule zenye jina la marehemu kama mlipaji. Na familia ikiamua kwenye mapatano kumwongezea bibi, hakuna sheria inayowazuia kuwa wakarimu kwa mafungu yao wenyewe. Ila msikate fungu la wadogo.

Mvuvi wa Ggaba

Asanteni sana. Nimeandika yote. Limebaki moja, na ndilo linaloniogopesha. Nyumba ya Mukono imejengwa kwenye kibanja cha baba mtu. Hakuna karatasi. Mzee alimwonyesha mwanawe mahali akamwambia "jenga hapa", na amejenga miaka 9 iliyopita. Busuulu, kodi ya kibanja kwa mwenye ardhi, hadi leo inalipwa kwa jina la mzee.

Wakili Mtoro

Kumbe. Hilo ungelianza nalo.

Yale yote kuhusu nyumba kutogawanywa na mjane kutotolewa yanasimama juu ya nyumba kuwa ya marehemu. Mzee atasema ardhi ni yake, mwanawe alipewa ruhusa ya kukaa tu, na risiti za busuulu zinamsemea. Mjane atasema ilikuwa zawadi, ndiyo maana aliachwa ajenge nyumba ya matofali na kuishi humo miaka 9 bila kuulizwa. Korti zimewahi kukubali zawadi ya mdomo ikithibitishwa na vitendo kama hivyo, na zimewahi kukataa pia. Itategemea nani alisikia maneno ya mzee siku ile, na kama mipaka ilionyeshwa.

Karani Mstaafu

Ningeongeza kwamba mwenye mailo naye anahusika. Kama mzee hakumjulisha mwenye ardhi alipomkatia mwanawe sehemu, hapo kuna shimo lingine. Je, kuna jirani au mtu wa LC1 aliyekuwepo walipopanda mimea ya mpaka?

Mvuvi wa Ggaba

Kuna jirani mmoja mzee. Wanasema yeye ndiye aliyeshika kamba wakati wa kupima. Kesho naenda kumtafuta, nitarudi hapa.

Wakili Mtoro

Nenda na mtu wa kuandika. Na usimwambie unakwenda kwa ajili ya kesi. Mwache akusimulie siku ile ilivyokuwa, nani alisimama wapi, miti gani ilipandwa. Miti kama bado ipo, ipige picha.